Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi: dhana potofu kuhusu tumbo linalovurugika baada ya maziwa

Kila ninapomweleza mgonjwa kwamba msokoto wa tumbo na kuharisha kwake vinatokana na sukari iliyomo ndani ya maziwa, hunijibu kwamba haiwezekani. Amekunywa maziwa tangu utotoni bila shida, kwa hiyo, anavyoona yeye, siku hiyo maziwa yalikuwa machafu au hayakuchemka sawasawa. Akirudi nyumbani huyachemsha mara mbili, kisha hubadilisha muuzaji, na wengi huwa wameshameza dawa za amiba zaidi ya mara moja kabla hata hatujaonana. Dhana hii hunikera kuliko nyingine zote, kwa sababu humfanya mtu atibiwe ugonjwa asiokuwa nao, huku kile kinachomsumbua kikiendelea kuwamo kikombeni mwake.

Ni kweli kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini laktosi ni sukari, nayo hustahimili joto la kuchemka. Maziwa yakikaa motoni muda mrefu hata maji yake yakapungua, kila kikombe hubaki na laktosi nyingi kidogo kuliko awali. Maziwa ya ng'ombe huwa na karibu gramu 5 za laktosi katika kila mililita 100, na kiasi hicho hakibadiliki sana yakiwa mabichi, yamechemshwa, yametoka kwenye pakiti au yamekorogwa kutokana na unga kwa kipimo sahihi.

Hoja ya utotoni nayo haina nguvu. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktesi kwa wingi kwenye utando wa ndani wa utumbo mwembamba, na kazi yake ni kuikata laktosi iwe glukosi na galaktosi, sukari mbili ndogo zinazoweza kufyonzwa na kuingia katika damu. Baada ya mtoto kuachishwa kunyonya, jeni inayosimamia utengenezaji wa kimeng'enya hicho hupunguza kazi hatua kwa hatua, na hali hiyo huwapata takriban theluthi mbili ya watu duniani. Kwa kuwa upungufu huo huja polepole kwa miaka, mtu aliyekuwa akinywa maziwa kwa raha akiwa na umri wa miaka 10 anaweza kuanza kusumbuka akiwa na miaka 25, na hakuna jambo lolote la ajabu katika hilo.

Tuseme mtu mzima wa aina hiyo anaamka asubuhi na kunywa nusu lita ya maziwa kabla hajala kitu. Amemeza gramu 24 hivi za laktosi kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu, maziwa yanashuka upesi. Tuchukulie kwamba laktesi aliyobaki nayo inamudu gramu 6 tu. Gramu 18 zinazosalia haziwezi kupenya ukuta wa utumbo, na zikiwa ndani ya utumbo hushikilia maji, kwa sababu utumbo mwembamba hauruhusu majimaji yaliyomo ndani yake yawe mazito kwa sukari na chumvi kuliko damu. Kila gramu ya laktosi isiyomeng'enywa huandamana na karibu mililita 10 za maji, kwa hiyo mtu wetu ana takriban mililita 180 ambazo zingepaswa kufyonzwa lakini zinaendelea na safari. Utumbo uliojaa hivyo husukuma kwa kasi zaidi, na hapo ndipo mngurumo wa kwanza unaposikika.

Shehena hiyo ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria waliomo humo huichachusha. Hutoa haidrojeni, kabonidioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani, pamoja na asidi kadhaa. Gesi hutanua ukuta wa utumbo, na mtanuko huo ndio unaoleta tumbo kujaa na msokoto unaokuja na kuondoka kwa mawimbi. Utumbo mpana hufyonza sehemu kubwa ya asidi hizo pamoja na maji, ndiyo maana laktosi ikiwa kidogo mtu huishia kutoa hewa tu. Shehena ikizidi uwezo wa bakteria na wa utumbo wenyewe, maji hubaki, na mtu hupata choo chepesi, mara nyingi chenye povu na harufu ya uchachu. Yote haya kwa kawaida huanza kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa, na hutulia laktosi ikishatoka.

Sasa linganisha hali hiyo na maziwa yaliyochafuliwa kweli. Hayo mara nyingi huleta kutapika au homa, huweza kuwaangusha watu kadhaa walioyanywa pamoja, na tumbo linaweza kusumbua kwa siku kadhaa. Mtu ambaye peke yake ndiye anayeharisha, bila homa, kila anywapo maziwa mengi, hana sababu ya kumlaumu muuzaji.

Dhana ya pili ni kwamba ukishajua hali hiyo unapaswa kuacha maziwa yote, hata tone kwenye chai. Si kweli. Watu wazima wengi wenye upungufu wa laktesi humudu gramu 12, yaani glasi moja ya mililita 250, hasa wakiinywa pamoja na chakula, kwa sababu chakula huchelewesha tumbo kumwaga maziwa na laktosi hukifikia kimeng'enya kidogo kidogo. Ushauri wangu, ninaourudia mpaka wagonjwa wanachoka kunisikia, ni kugawa maziwa katika mara mbili au tatu kwa siku na kutoyanywa kamwe kwenye tumbo tupu. Mtindi huvumilika zaidi, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na walio hai huendelea kuimeng'enya ndani ya utumbo. Jibini gumu lililokomaa halina laktosi ya kutajika.

Wengine huiita hali hii mzio. Mzio ni kinga ya mwili kushambulia protini za maziwa, nao unaweza kuleta vipele, uvimbe wa midomo na kubanwa na pumzi hata kwa kiasi kidogo sana. Mwenye mzio hapaswi kufuata ushauri wowote wa glasi moja niliouandika hapa. Kuhusu maziwa ya mbuzi, laktosi yake inakaribiana na ya ng'ombe, na maziwa yaliyoondolewa mafuta hayakuondolewa sukari.

Anayetaka kuhakikisha aache maziwa kwa wiki mbili, aandike hali ya tumbo lake kila siku, kisha anywe glasi mbili akiwa na njaa na aangalie kinachotokea ndani ya saa 6. Hospitalini kuna kipimo cha pumzi, ambapo mtu hunywa laktosi iliyopimwa na haidrojeni katika pumzi yake hufuatiliwa kwa saa kadhaa, kwani sehemu ya gesi ya utumbo huingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Ikiwa tatizo limeanza ghafla baada ya kuharisha kukali, huenda utando wa utumbo umejeruhiwa, na laktesi inaweza kurudi utando ukipona baada ya wiki kadhaa. Lakini choo chenye damu, kupungua uzito, homa, au kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini si dalili za laktosi, na mwenye dalili hizo amwone daktari bila kusubiri wiki hizo mbili.