Muuguzi anayekwenda masomoni: barua ya kuacha kazi na hesabu ya siku 28

Septemba ikikaribia, ofisi yetu ya wafanyakazi hapa Kisumu hupokea barua nyingi za wauguzi wenye diploma waliopata nafasi ya kusomea shahada, wengine Maseno, wengine Masinde Muliro kule Kakamega. Baadaye hufuata malalamiko: "Mmenikata mshahara." Mara nyingi kisa kizima kimo ndani ya barua yenyewe.

Chukua mfano huu. Muuguzi wa wadi ya uzazi aliandika barua tarehe 1 Agosti, akataja tarehe 29 kuwa siku yake ya mwisho. Hesabu yake ilikuwa sawa, siku 28 kamili. Lakini barua aliiacha mezani kwa msimamizi wa wadi, ambaye alikuwa mapumzikoni, nasi tukaipokea tarehe 5. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, humtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, nazo huhesabiwa tangu notisi ilipotolewa kwa mwajiri, si tangu ilipoandikwa. Siku ya mwisho ikawa tarehe 2 Septemba. Yeye aliondoka tarehe 29 Agosti, akabaki na deni la siku nne. Kwa mshahara wa shilingi 45,000 ukigawanywa kwa siku 30, hizo ni shilingi 6,000, kwani kifungu cha 36 humruhusu anayekatisha notisi kulipia siku zilizobaki. Mkataba wako ukitaja muda mrefu zaidi ya siku 28, huo mrefu ndio unaofuatwa. Usome kabla ya kuandika, tafadhali, si baada.

Tatizo la pili ni neno "naomba". Najua ni adabu, na hakuna anayekuzuia kuwa na adabu. Ila "naomba kuacha kazi" husomeka kama ombi linalongoja jibu, na wapo wanaokaa nyumbani wakingoja "kukubaliwa". Kujiuzulu hakuhitaji idhini ya mwajiri. Unaarifu, kisha unatumikia notisi yako. Ukarimu uuweke kwenye shukrani, si kwenye kitenzi.

Yule muuguzi angeandika hivi, na kuikabidhi siku hiyohiyo:

*5 Agosti*

*Kwa Muuguzi Mkuu,*
*Kupitia kwa Msimamizi, Wadi ya Uzazi.*

*YAH: KUJIUZULU*

*Ninakuarifu kwamba ninajiuzulu kazi yangu ya uuguzi ili nijiunge na masomo ya shahada ya uuguzi. Barua hii ni notisi yangu ya siku 28, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 2 Septemba.*

*Nilifika hapa nikiwa mgeni wa kazi. Wakunga wa zamu ya usiku walinifundisha kutulia mama anapovuja damu, na wewe ulinipangia zamu zilizoniwezesha kurudia mitihani yangu. Sitasahau.*

*Nitakabidhi funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa na rejista yake kwa atakayeteuliwa. Naomba siku zangu za likizo zilizobaki zihesabiwe, na nipewe cheti cha utumishi.*

*Wako mwaminifu,*

Hapo "naomba" lipo mahali pake. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Mofini na pethidini huhesabiwa mbele ya mnayekabidhiana, wote wawili mkatia sahihi. Usisaini peke yako kwa sababu una haraka ya basi.

Likizo: kwa kila mwezi uliokamilika mwaka huu una haki ya angalau siku 1.75. Aliyemaliza miezi minane ana siku 14, ukitoa alizokwisha kuchukua. Usizikate mwenyewe kutoka kwenye notisi bila makubaliano ya maandishi. Tumeona wanaoita hilo "likizo yangu" na sisi tukalisoma kuwa utoro.

Cheti cha utumishi hutajwa kama hisani. Si hisani. Aliyefanya kazi kuanzia wiki nne mfululizo lazima apewe, nacho kinaonyesha kazi aliyofanya, mahali, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria haimlazimishi mwajiri kukusifu, hivyo barua ya sifa iombe kando, na kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Walioajiriwa na kaunti wasinakili barua hii kama ilivyo. Mwajiri wao ni serikali ya kaunti, na kabla ya kujiuzulu waulize kwanza likizo ya masomo na masharti yake ya kurudi kutumikia. Wapo waliokuja kwetu kuomba ushauri baada ya kujiuzulu, na hapo tulichoweza kuwasaidia nacho kilikuwa kidogo.