Gimbi linawasha kwa nini, na moto unafanya nini hasa humo ndani

Juzi jirani yangu kanigongea mlango jioni, mkono mmoja kwenye shingo, anaongea kwa tabu, "Dada, hivi haya magimbi yana sumu au?" Alikua amekaanga chipsi za magimbi, amemenya, amekata vinene kama vya viazi, katumbukiza kwenye mafuta ya moto, vikawa vyekundu safi kabisa kwa nje, kala vitatu tu ulimi ukaanza kuchoma na koo likawa kama limejaa manyoya. Nikampa maziwa ya baridi ayanywe taratibu, na baada ya kama saa moja hivi akawa sawa. Ila swali lake nimelisikia mara nyingi sana, na mimi kazi yangu ni maabara ya chakula, kwahiyo leo naliandika lote kwa sababu maelezo yanayozunguka huku mtandaoni mengi yana kosa moja kubwa.

Kwanza tuelewane majina. Nazungumzia gimbi au jimbi, wenzetu Kenya wanaita nduma, na lile lingine lenye majani makubwa kama mshale. Ni mimea miwili tofauti ila ni ndugu wa familia moja, na kwenye hili la kuwasha tabia yao ni moja.

Sasa ukikwangua gimbi bichi kidogo tu, ukaweka ule utelezi kwenye kioo na tone la maji ukaangalia kwa hadubini, utaona chembe za wanga nyingi mno, halafu katikati yake kuna seli fulani zimekaa peke yake na ndani yake kuna vifungu vya sindano, sindano nyingi zimepangwa pamoja kama njiti ndani ya kiberiti. Kila sindano ina urefu kama sehemu ya kumi ya milimita au nusu yake, ncha zake ni kali, na imetengenezwa na kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoshikana na asidi ya oksaliki. Mmea unazitengeneza wenyewe, na ni kinga nzuri dhidi ya anayetaka kuutafuna. Ukitafuna bichi zile seli zinapasuka, sindano zinatoka na kuchoma ulimi, mashavu kwa ndani na koo, ndio maana unahisi kuchomwa na sio kuwashwa tu kama na pilipili.

Ila sindano peke yake haimalizi hadithi. Watafiti walichukua hizo sindano wakaziosha vizuri mpaka zikabaki tupu, wakazijaribu, muwasho ukapungua sana au ukaisha kabisa. Kumbe juu ya sindano kuna protini imejipaka, na inaonekana ni aina ya enzaimu inayokata protini, jamii moja na ile ya kwenye papai bichi inayolainisha nyama. Kwahiyo sindano inatoboa, halafu ile protini inapita kwenye kile kitundu na kuamsha muwasho na uvimbe. Fikiria mshale na sumu yake, mshale bila sumu unauma kidogo tu, na sumu bila mshale haina pa kuingilia.

Na hapa ndio lile kosa lilipo. Watu wanaandika kwamba ukichemsha zile fuwele, yaani zile sindano, zinayeyuka. Haziyeyuki! Kalsiamu oksaleti haiyeyuki kwenye maji, ya baridi wala ya moto, na ili ivunjike kwa joto unahitaji zaidi ya nyuzi 400, wakati sufuria yako ya maji haivuki 100. Nimechukua gimbi lililoiva kabisa, laini, tamu, halimuwashi mtu yeyote, nikaliweka chini ya hadubini na sindano nikazikuta zipo palepale. Baadhi zinatoka na maji ya kuchemshia kwa sababu seli zimepasuka, ila nyingi unazila, na hazikufanyi kitu.

Moto basi unafanya nini? Unafanya vitu viwili vya maana. Cha kwanza, ile protini inaharibika kwa joto kama ute wa yai unavyoganda, sindano inabaki bila sumu yake. Cha pili, wanga unavuta maji, unavimba na kua kama uji mzito ambao inaonekana unazibana zile sindano, kwahiyo ukitafuna zinateleza na chakula badala ya kuchomoka na kuchoma. Vyote viwili vinahitaji joto lifike MPAKA KATIKATI ya kipande na likae humo muda wa kutosha, na ndio jirani yangu alipokwama. Mafuta ni ya moto sana, nje pakawa pekundu ndani ya dakika chache, katikati kukabaki kubichi. Angechemsha kwanza mpaka kisu kipite ndio akaange, asingepata shida yoyote.

Mimi nafanya hivi. Kilo moja ya magimbi namenya nikiwa nimepaka mafuta mikononi na mikono ni mikavu, maana ile juisi ikishika mkono wenye maji inawasha kweli, nakata vipande vya kama sentimita 3, naosha, naweka sufuriani na maji mengi yaliyofunika na kuzidi. Yakishachemka dakika kama 10 namwaga maji yote, naweka mengine ya moto, nachemsha tena dakika 20 hadi 30 kutegemea gimbi lenyewe. Siangalii saa sana, naangalia kipande kikubwa kuliko vyote, nakikata katikati, kama bado kuna kiini cheupe kama chaki na kisu kinakwama basi halijaiva hata kama pembeni panavunjika, likiiva rangi inakua moja na inang'aa kidogo kama nta. Halafu naonja kipande kidogo nasubiri dakika mbili tatu, muwasho hauji palepale kila mara.

Kwanini namwaga maji ya kwanza wakati fuwele haziyeyuki? Kwa sababu kuna oksaleti ya aina nyingine humo ndani, ile iliyoshikana na potasiamu au sodiamu, hiyo inayeyuka vizuri na inatoka na maji. Hii haiwashi mdomo, shida yake iko mbele zaidi, inafyonzwa tumboni na ikifika kwenye figo inaweza kukutana na kalsiamu ikatengeneza mawe. Kwahiyo gimbi la kuchoma kwenye makaa linaweza lisikuwashe kabisa, ila hiyo oksaleti imebaki yote kwa sababu haikua na maji ya kutokea. Kwa mtu mwenye figo nzima anayekula mara mojamoja sio tatizo, ila aliyewahi kupata mawe kwenye figo achemshe, amwage maji, na ale na maziwa au dagaa wa kutafuna na mifupa yake, kalsiamu ya humo inaishika oksaleti tumboni inatoka na choo. Tui la nazi halifanyi kazi hiyo, kalsiamu yake ni ndogo.

Majani yake yanawasha kuliko hata kiazi chenyewe, yale yapike muda mrefu, usiyafanye kama mchicha wa dakika 5. Na mtu akishakula bichi akaanza kuvimba ulimi, sauti ikabadilika au akashindwa kumeza mate, hasa mtoto, usikae na maziwa nyumbani, mpeleke hospitali hapohapo.

Jirani yangu zile chipsi zilizobaki hakutupa. Nilimwambia azirudishe kwenye sufuria ya maji, zikachemka nusu saa, mafuta yakaelea juu tukayaengua, akaziponda na kitunguu na chumvi, tukala wote.