Mshauri mwelekezi anapimwa kwa asilimia ngapi? Kwanza tazama umegawanya kwa saa zipi

Ofisi nyingi za washauri waelekezi humpima mtu wao kwa hesabu moja: saa alizofanya kazi ya mteja na zikaingia kwenye ankara, gawanya kwa saa alizokuwa nazo, zidisha kwa 100. Ndicho kiwango cha matumizi ya muda. Juu ya mstari hakuna ugomvi mkubwa. Matatizo yako chini ya mstari, kwenye zile “saa alizokuwa nazo”.

Chukua mfano wa mshauri wa ngazi ya kati jijini Dar es Salaam, anayefanya tathmini za miradi. Anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, na kwa wiki 52 hizo ni saa 2,080. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya siku 28 mfululizo, ambazo ukitoa Jumamosi na Jumapili ni siku 20 za kazi, yaani saa 160. Sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki tuseme ni 13, saa 104. Ugonjwa tumwekee siku 4, saa 32. Zinabaki saa 1,784, na hizo ndizo saa zilizopo kweli.

Mwaka uliopita aliandikia wateja saa 1,160. Ukigawanya kwa 2,080 unapata asilimia 56. Ukigawanya kwa 1,784 unapata 65. Kuna wanaokwenda mbali zaidi: wanatoa pia siku 10 za mafunzo na saa 160 za kuandika zabuni, wanabaki na saa 1,544, na mtu huyohuyo anapanda hadi 75. Hajaongeza hata dakika moja ya kazi. Kwa hiyo ukisikia kampuni fulani inafikisha asilimia 75, usimgeukie mtu wako kwa ukali kabla hujauliza wenzako wametoa nini kwenye hesabu.

Ushauri wetu ni kutoa likizo, sikukuu na ugonjwa, basi. Zabuni, mafunzo na vikao vya ndani vibaki humo, kwa sababu ni muda ambao ofisi imeamua yenyewe kuutumia. Ukiutoa, hutaona tena siku zabuni zitakapoanza kula theluthi ya mwaka.

Sasa lengo. Kosa la kawaida ni mkurugenzi kutaja 80 kwa sababu inasikika vizuri, kisha kumwachia kila mtu atafute njia ya kuifikia. Lengo hujengwa kutoka chini. Mshauri wetu anasaidia zabuni tano kwa mwaka, na kila moja inamla saa 40, kuanzia kusoma hadidu za rejea hadi kupanga bajeti. Jumla saa 200. Mafunzo siku 8, saa 64. Vikao, taimshiti na barua za ofisini saa 3 kwa wiki, na kwa kuwa saa 1,784 ni karibu wiki 45, hizo ni takriban saa 134. Halafu kuna kitu ambacho wengi hukisahau: pengo kati ya mkataba na mkataba. Mkataba umeupata, lakini mteja hajasaini, au barua ya kuingia kijijini haijatoka wilayani. Kwa mikataba minne yenye pengo la wiki moja kila mmoja, saa 160 zimekwenda.

Jumla ya hayo yote ni saa 558. Toa kwenye 1,784, zinabaki 1,226, yaani karibu asilimia 69. Huo ndio uwezo wake halisi kwa namna ofisi ilivyompangia kazi. Yule mkurugenzi wa asilimia 80 anadai saa 1,427. Tofauti ni saa 201, ambazo ni zabuni zote za mwaka na saa moja ya nyongeza. Bila kujua, amemwambia aache kuandika zabuni. Mtu atatii, namba itapanda, na baada ya miezi kadhaa mikataba itaisha bila mingine nyuma yake.

Lengo lililojengwa hivi lipimwe upande wa pili: je, linalipa gharama? Tuseme mshahara wake pamoja na michango ya mwajiri ni Sh milioni 60 kwa mwaka, na fungu lake la pango, umeme, magari na watumishi wasiotoza wateja ni milioni 36. Jumla milioni 96. Mteja akitozwa Sh 90,000 kwa saa, mshauri anahitaji saa 1,067 kurudisha gharama, karibu asilimia 60. Lengo la 69 linaacha nafasi. Lakini ikiwa punguzo na ankara zilizokatwa zinafanya ofisi ipokee Sh 81,000 tu, saa zinazohitajika zinafika 1,185, asilimia 66. Nafasi imebaki nyembamba. Ukikuta gharama zinadai asilimia kubwa kuliko uwezo halisi, kasoro iko kwenye bei au kwenye gharama, wala kumbana mtu hakutaitibu.

Lengo moja kwa watu wote halifai. Mshauri mdogo asiyeandika zabuni anaweza kubeba 80 bila kuumia. Mkurugenzi anayeleta kazi, kwa maoni yetu, akifika 40 ametosha. Akifika 70, chunguza: mara nyingi amekumbatia kazi ambayo vijana wake wangeifanya kwa bei nafuu, nao wamekaa bure.

Namba hudanganya hasa kwenye mikataba ya bei moja. Mkataba umekubaliwa siku 30, mshauri akatumia 41 na zote akaziandika kuwa za mteja. Hizo siku 11 za ziada ni saa 88, na kwa mshauri wetu zinampandisha karibu asilimia 5, ilhali hakuna shilingi iliyoingia. Weka kanuni kwamba saa za ankara huishia pale mkataba unapoishia; zinazozidi ziandikwe chini ya mradi huohuo kwa jina lao, “ziada isiyolipwa”. Ukizifuta kabisa, zabuni inayofuata itakadiriwa kwa siku 30 tena.

Taimshiti ya kubuni nayo ina dalili zake. Inajazwa Ijumaa jioni kwa mkupuo, kila siku ni saa 8 kamili, na hakuna nusu saa iliyoandikiwa kikao ambacho kila mtu anajua kilifanyika. Kwa kawaida hali hiyo huzuka miezi michache baada ya lengo kupandishwa. Taimshiti ijazwe kila siku kabla ya kutoka ofisini, tena pawepo msimbo wa “sina kazi ya mteja” ambao mtu akiutumia hafokewi. Ule msimbo ndio unaomwonyesha meneja nani yuko tayari kupewa kazi wiki ijayo.

Mwisho, usimhukumu mtu kwa mwezi mmoja. Aprili 2025, Siku ya Karume, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ziliangukia siku za kazi. Aliyegawanya kwa saa za mwezi mzima aliona wafanyakazi wote wamezembea. Gawanya kwa saa zilizopo za mwezi husika, kisha tazama wastani wa miezi mitatu inayosogea. Ukikuta uko chini ya lengo kwa asilimia 5 au zaidi kwa vipindi viwili mfululizo, fungua orodha ya zabuni kabla ya kumwita mtu ofisini.