“Kompyuta imetoa asilimia 50”: dhana potofu kuhusu kiwango cha ndani cha faida

Kazi yangu ni kuandaa na kukagua michanganuo ya miradi hapa Mbeya. Wateja wangu ni watu wa mbao kutoka Mufindi, wa parachichi kutoka Rungwe na Njombe, na wa kokoto kandokando ya barabara ya Tunduma. Mwezi huu sentensi moja nimeisikia mara tatu, kwa watu watatu wasiofahamiana: “Mradi wangu unalipa asilimia hamsini, kompyuta imetoa yenyewe.” Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa kokoto, na alikuwa tayari ameshika kalamu ya kusaini mkopo. Ndiyo sababu naandika.

Dhana: Kila mradi una kiwango kimoja cha ndani cha faida, na Excel inakijua

Mchanganuo wa mzee yule ulikuwa mfupi. Leo anatoa shilingi milioni 100 za krasha, kibali na fidia ya eneo. Mwisho wa mwaka wa kwanza, akishatoa gharama za uendeshaji, mkandarasi wa barabara anamwachia milioni 260. Mwaka wa pili hauna mauzo. Anatakiwa kufukia mashimo, kurudisha udongo wa juu, kupanda miti, kutengeneza barabara ya kijiji iliyoharibiwa na malori na kuhamisha krasha. Hiyo ni milioni 165.

Jumlisha kwa kichwa kabla hujafungua kompyuta: ametoa 265, amepokea 260. Amepoteza milioni 5 hata kabla ya riba. Halafu juu ya karatasi hiyo hiyo kuna asilimia 50 imeandikwa kwa wino mzito.

Nilimwomba asogeze kiti tuangalie kioo pamoja. `IRR` ndiyo amri ya Excel ya kutafuta kiwango cha ndani cha faida.

```
A1: -100
A2:  260
A3: -165
=IRR(A1:A3)       10%
=IRR(A1:A3,0.4)   50%
```

“Mzee, hizi ni namba zako zile zile,” nikamwambia. “Sijagusa kitu.” Mstari wa kwanza umeleta asilimia 10, wa pili 50. Tofauti ni ile 0.4, yaani makisio ya kuanzia. Excel haijui jibu. Inaanzia mahali fulani, inajaribu kiwango, inasogea kidogo, inajaribu tena, mpaka ifike pale ambapo thamani halisi ya sasa, yaani jumla ya fedha zote za mradi zikishapunguzwa kwa kiwango hicho kuwa thamani ya leo, ni sifuri. Usipoiambia pa kuanzia, inaanzia asilimia 10. Ikikuta sifuri ya kwanza inasimama, wala haikuambii kwamba mbele kuna nyingine. Kijana aliyemwandalia mzee mchanganuo aliweka makisio ya juu, akapata jibu la juu, akalifurahia.

Kuna sifuri mbili kwa sababu fedha zinabadili alama mara mbili: hasi, chanya, hasi. Ukiziandika kama hesabu ya aljebra, kanuni iliyochapishwa na mwanahisabati Descartes mwaka 1637 inasema majibu chanya hayawezi kuzidi idadi ya mara ambazo alama inabadilika. Mradi wa kawaida, unaotoa mwanzoni kisha ukapokea mpaka mwisho, hubadilika mara moja tu na una jibu moja. Wa mzee unaruhusu mawili, na yote mawili yapo. Ukizipunguza fedha za miaka ijayo kuwa thamani ya leo kwa riba ya asilimia 5, mradi una hasara ya takriban milioni 2. Kwa asilimia 25 una faida ya milioni 2.4. Kwa asilimia 60 unarudi kwenye hasara ya karibu milioni 2. Hasara, faida, hasara.

Watu wengi hukwama hapo: inakuwaje riba ikipanda mradi unapendeza? Kwa sababu riba kubwa inaifanya ile 165 ya mwaka wa pili ionekane ndogo upesi kuliko inavyoipunguza 260 ya mwaka wa kwanza. Deni la kufukia mashimo linayeyuka kwenye karatasi, lakini mashimo yenyewe yako pale pale.

Sasa nieleze asilimia 50 maana yake nini, kwa sababu hili ndilo ninalotamani kila mwenye mradi aelewe. Chukua daftari. Milioni 100 zikidaiwa asilimia 50, mwisho wa mwaka wa kwanza zimekuwa 150. Zinaingia 260, unalipa 150, mkononi unabaki na 110. Mwaka unaofuata unadaiwa 165. Ili 110 ifike 165, lazima nayo ikuzalie asilimia 50 kwa mwaka mmoja. Kwa asilimia 10 ni vivyo hivyo: unadaiwa 110, unabaki na 150, na hiyo 150 ikizaa asilimia 10 inakuwa 165 kamili.

Kwa hiyo namba ile haikwambii mradi unalipa ngapi. Inakwambia: mradi utajilipa bila kubaki na kitu, kwa sharti kwamba fedha unazozishika katikati uziweke mahali panapolipa kiwango kile kile. Nilimuuliza mzee, “Ukishika milioni 110 mwakani, utaziweka wapi zikulipe nusu yake juu?” Akanyamaza, akaweka kalamu chini.

Dhana: Basi tumia riba ya benki, hesabu thamani halisi ya sasa, mambo yameisha

Hili wananiambia waliosoma, na linanisumbua karibu kama lile la kwanza. Mkopo wa mzee ulikuwa wa asilimia 18. Ukitumia 18 kwa miaka yote, thamani halisi ya sasa ni faida ya milioni 1.8. Mtu atasema, haya, mradi unafaa. Haufai. Asilimia 18 ni bei ya fedha anazokopa. Fedha atakazoshika katikati akisubiri kufukia mashimo hazitamlipa 18, zitamlipa kiwango cha amana ya muda maalumu, na yeye alikuwa ameahidiwa 8. Ukitumia namba moja kwa pande zote mbili, unajifanya benki inakulipa kama inavyokutoza.

Dawa yangu ni hii, na nimeing’ang’ania miaka yote: gharama ya mwisho itengewe fedha siku mapato yanapoingia. Uliza, ili nipate 165 mwaka wa pili kwa amana ya asilimia 8, nitenge ngapi mwaka wa kwanza? Gawa 165 kwa 1.08, unapata milioni 152.8. Zitoe kwenye 260, hizo si zako. Zinabaki 107.2. Sasa alama inabadilika mara moja tu: unatoa 100, unapokea 107.2. Kiwango cha ndani cha faida ni asilimia 7.2, na hakuna kingine.

Mradi ni ule ule. Umeitwa wa 50, ukaitwa wa 10, kumbe ni wa 7.2, na mkopo unatoza 18. Mwisho wa mwaka wa kwanza benki inadai 118, baada ya kutenga ana 107.2, pengo ni karibu milioni 10.8.

Excel ina amri ya `MIRR` inayopokea viwango viwili, cha kukopa na cha kuwekeza. Ni bora kuliko `IRR` tupu, lakini angalia: inazipunguza gharama zote hasi kwa kiwango cha kukopa, pamoja na ile ya mwisho. Kwa mzee, `=MIRR(A1:A3,0.18,0.08)` inatoa asilimia 13.4. Inakwambia mradi haufikii mkopo, hilo ni kweli, ila bado inaipendelea gharama ya mwisho. Ndiyo maana mimi natenga kwanza.

Dhana: Alama zikibadilika zaidi ya mara moja, kiwango hicho hakifai kabisa

Hapana. Mwenye shamba la misindano Mufindi hulipia upandaji, anapalilia na kupogoa, anapata fedha kidogo akipunguza miti, analipia tena njia za kuzuia moto, kisha baada ya miaka mingi anavuna. Alama zake zinabadilika mara tatu, na bado kiwango chake ni kimoja. Kipimo chepesi ni kujumlisha fedha mwaka hadi mwaka bila riba, njia aliyoionyesha mtafiti Norstrøm mwaka 1972. Ikiwa jumla hiyo inavuka kutoka hasi kwenda chanya mara moja tu na mwishoni si sifuri, kiwango chanya ni kimoja. Mwenye misindano anabaki kwenye hasi mpaka siku ya kuvuna, kwa kuwa kile kidogo cha kupunguza miti hakirudishi alichotumia. Jumla za mzee wa kokoto ni hasi 100, chanya 160, hasi 5. Imevuka mara mbili, hapo ndipo pa kusimama.

Dhana: Ikitokea `#NUM!`, faili limeharibika

Huenda mradi wenyewe hauna jibu. Weka hasi 100, chanya 200, hasi 110: hakuna riba yoyote inayoufikisha kwenye sifuri, kila kiwango kinatoa hasara. Usihangaike kubadili makisio.

Dhana: Kati ya viwango viwili, chagua kidogo ili uwe salama

Hili nalo nimelisikia kwa afisa mikopo. Asilimia 10 ya mzee haikuwa salama zaidi ya 50. Jibu la kweli lilikuwa chini ya yote mawili.

Mzee hakusaini siku ile. Tuliipasua ile 165 kipande kwa kipande, na sehemu kubwa ilikuwa ni kurudisha mitambo: kijiko na buldoza vingeondoka kazi ikiisha, kisha vikodiwe upya na kusafirishwa kuja kufukia. Akapata nukuu ya kufukia upande uliokwisha chimbwa wakati mitambo bado iko pale. Gharama yote ikashuka hadi 140, nusu mwaka wa kwanza, nusu wa pili. Mwaka wa kwanza unabaki na 190. Tenga 64.8 kwa ajili ya 70 ya mwaka wa pili, zinabaki 125.2. Kiwango kimoja, asilimia 25.2. Benki ikichukua 118 yake, anabaki na milioni 7 na ushee, na mashimo yana fedha zake za kufukiwa. Mkopo huo aliusaini wiki iliyofuata.