Kidonda cha Mguu kwa Mwenye Selimundu: Gamba Kavu Si Kupona

Kwa nini watu wa selimundu wanatoka vidonda miguuni, tena visivyopona?

Vidonda hivi hutokea pembeni mwa jicho la mguu, upande wa ndani au wa nje, na huwapata zaidi wenye selimundu ya aina ya SS. Kabla ya miaka 10 ni nadra kuviona. Huanza ujanani na kuendelea utu uzimani.

Ngozi ya pale ni nyembamba, haina mafuta mengi chini yake, na damu ikishuka mpaka huko hupanda kwa shida. Mwenye selimundu tayari ana upungufu wa damu, na chembe zake nyekundu zinapovunjika hutoa vitu vinavyozuia mishipa midogo isitanuke inavyotakiwa. Ndiyo maana mchubuko ambao kwa mtu mwingine ungefunga ndani ya wiki moja, kwake unakaa, unachimbika, unapanuka. Wengine hata hawajajikwaa popote: ngozi inauma siku kadhaa, inakuwa nyeusi na ngumu, kisha inapasuka yenyewe.

Ni kakidonda kadogo tu. Nimenyunyizia unga wa kapsuli ya antibiotiki na kimekauka juu. Si ndiyo kinapona?

Hapana, hakijapona. Umekifunika.

Nalisema hili kliniki kila mara na nitalirudia hapa: gamba kavu si kupona. Unga wa kapsuli ukichanganyika na majimaji ya kidonda hugeuka tope, tope linakauka, na juu linatokea gamba gumu la njano au la kahawia. Mgonjwa anafurahi kwa kuwa hakilowi tena. Chini ya gamba usaha umekosa njia ya kutoka, kwa hiyo unakwenda pembeni na chini, unakula nyama nzima.

Dalili zake si ngumu kuzitambua ukitaka kuziona. Bonyeza taratibu pembeni mwa gamba. Likicheza kama kifuniko, likitoa majimaji ukingoni, likinuka, au maumivu ya usiku yakizidi badala ya kupungua, humo ndani hakuna kinachopona. Kidonda kinachopona hakiongezi maumivu.

Mwenye selimundu akipata kidonda chochote karibu na kifundo cha mguu, kionwe na mhudumu wa afya ndani ya siku mbili tatu. Usingoje mwezi, usingoje kikauke, wala usingoje mpaka ushindwe kuvaa kiatu. Kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi kikitunzwa vizuri kinaweza kufunga kwa wiki chache. Kikifika upana wa kiganja tutahesabu miezi, na kwa wengine miaka.

Kuna mtu umemwona kikimharibikia hivyo?

Wengi, na habari zao zinafanana. Chukua kijana mmoja wa miaka 19. Aling'atwa na mdudu upande wa ndani wa kifundo, akajikuna, pakatoka kidonda kidogo kama kitufe cha shati. Kwa wiki sita alinyunyizia unga wa kapsuli kila asubuhi, na kila gamba lilipolegea aliongeza mwingine. Alipokuja alikuwa anachechemea, na mtoki umevimba.

Hatukulibandua gamba kwa nguvu. Tuliliwekea gozi iliyolowa maji ya chumvi kwa muda mpaka likalainika na kuachia. Chini yake palikuwa na shimo la sentimita 4 kwa 3, sakafu yake imefunikwa na utando mzito wa njano, na ngozi ya kuzunguka ilikuwa nyekundu na ya moto. Alipewa dawa za maumivu za kutosha, antibayotiki ya kumeza kwa sababu maambukizi yalikuwa wazi, na chanjo ya pepopunda. Utando uliondolewa kidogo kidogo kila alipokuja kufungwa. Wiki mbili za kwanza kipimo hakikupungua hata kidogo, akakata tamaa na kutaka kurudia kapsuli. Wiki ya tatu tukaanza kuona chembechembe nyekundu sakafuni, kama nyama mbichi. Hiyo ndiyo nyama inayojenga. Kidonda kilikuja kufunga baada ya miezi mitano. Angekuja siku zile za kitufe cha shati, hiyo miezi angeikwepa.

Sasa nikisafishe na kukifunga vipi nyumbani?

Kwanza kionwe kliniki, ndipo uendelee nyumbani kwa maelekezo yao. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kama nusu saa kabla ya kuanza, kwa maana vidonda hivi vinauma kweli na hakuna ushujaa wa kuvumilia. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita. Nawa mikono kwa sabuni.

Gozi ya zamani usiinyofoe. Ilowanishe kwa maji hayo ya chumvi, subiri dakika kumi, iache iachie yenyewe. Ukiinyofoa kavu unang'oa ile nyama mpya iliyojengwa wiki nzima, na damu unayoiona si "damu chafu inayotoka", ni nyama yako. Mwagia kidonda maji ya chumvi ya kutosha, usikisugue. Kausha ngozi ya pembeni tu na uipake vaselini au krimu ya zinki ili majimaji yasiichubue.

Moja kwa moja juu ya kidonda weka gozi yenye mafuta, ile isiyoganda. Juu yake weka gozi kavu za kunyonya, kisha bandeji. Pamba usiiweke kidondani, nyuzi zake hubaki ndani. Sakafu ya kidonda inatakiwa iwe na unyevu kidogo, kwa sababu ngozi mpya hutambaa juu ya unyevu. Ikikutana na ukavu inasimama. Ndiyo sababu hatutaki kidonda kiachwe wazi "kipigwe na upepo", na ndiyo sababu narudi palepale: gamba kavu si kupona.

Kikiloa sana, badilisha kila siku. Kikiwa na majimaji kidogo, kila baada ya siku mbili au tatu yatosha. Kukifungua mara tano kwa siku ili kukitazama ni kukisumbua.

Mara moja kwa wiki pima kwa rula urefu na upana, andika na tarehe. Macho hudanganya, rula haidanganyi. Namba zikikaa palepale kwa wiki nne ilhali unafuata maelekezo, mpango wa matibabu lazima utazamwe upya.

Nisipoweka dawa ya kuua vijidudu si kitaoza?

Kila kidonda kilichokaa wazi kwa muda mrefu kina vijidudu juu yake. Kuwapo kwao peke yake si maambukizi, na hata kipimo cha maabara kikivionyesha hatukimbilii dawa. Maambukizi yana sura yake: wekundu unaopanuka, joto, uvimbe, usaha mwingi, harufu mpya, maumivu yanayopanda ghafla. Hapo antibiotiki hutolewa kwa kumeza au kwa sindano, kwa dozi kamili, si kwa kunyunyizwa. Kapsuli ilitengenezwa imezwe. Unga wake kidondani huleta mzio wa ngozi na kuvizoesha vijidudu dawa, halafu siku unapoihitaji kweli haifanyi kazi.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo ziweke kando. Povu linaonekana kama kazi inafanyika, kumbe linaunguza chembe hai zinazojenga.

Niendelee kutembea kama kawaida?

Pumzika kadiri unavyoweza, na ukilala au kukaa inua mguu juu ya mto, ukiweza kisigino kiwe juu zaidi ya moyo. Uvimbe ukiwapo kidonda hakifungi, hata ukifungwa na gozi bora kuliko zote. Kama kazi yako ni ya kusimama, omba barua ya daktari.

Bandeji ya kubana husaidia sana, ila ifungwe kwanza na anayejua, baada ya kupima mapigo ya damu ya mguu. Huanzia kwenye vidole na kupanda hadi chini ya goti, ikibana zaidi chini na kulegea juu. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vikifa ganzi, ifungue mara moja.

Nimesikia haidroksiurea ndiyo inaleta vidonda. Niiache?

Usiiache mwenyewe. Dawa hiyo imewahi kuhusishwa na vidonda vya miguu, lakini kwenye selimundu jambo hilo halijathibitika, na watu wanatoka vidonda hivi bila kuwahi kuitumia. Manufaa yake kwa damu na kwa mashambulizi ya maumivu ni makubwa. Mwonyeshe daktari wako kidonda, yeye ndiye wa kupima faida na hasara. Foliki asidi endelea nayo.

Wengine huuliza kuhusu kuongezewa damu au kupandikizwa ngozi. Damu huamuliwa na daktari kwa vidonda sugu, na ngozi ya kupandikizwa mara nyingi hushika, kisha kidonda kikarudi. Vyote viwili havichukui nafasi ya usafi, unyevu na kuinua mguu.

Ni wakati gani nisisubiri hata siku moja?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Wekundu unaopanda juu ya mguu. Maumivu makali ya mfupa chini ya kidonda, au mfupa au mshipa mnene kuonekana ndani yake. Mguu kubadilika rangi na kuwa baridi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme mlangoni kwamba una selimundu. Mfuko wa kapsuli uache nyumbani.

Kimefunga. Naweza kusahau?

Kovu jipya ni jembamba na hupasuka upesi, na vidonda hivi vinajulikana kwa kurudi palepale. Paka mafuta miguu kila siku baada ya kuoga. Vaa soksi, na viatu vinavyofunika kifundo bila kukisugua. Jikinge na wadudu, na ukiumwa usijikune: bonyeza kwa kitambaa chenye maji baridi. Soksi za kubana, ukishapimwa na kuruhusiwa, zivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba.

Ukilazwa, mwambie muuguzi asiweke dripu mguuni. Tundu la sindano kwenye kifundo limewaanzishia kidonda watu waliokwenda hospitali kwa jambo jingine kabisa.

Na kila wiki, mahali penye mwanga, kagua vifundo vyote viwili, pande zote. Ukiona ngozi inang'aa, imekuwa ngumu, inawasha au inauma ukiigusa, njoo kabla haijapasuka.