Kabla, wakati na baada ya kusoma: yanayoaminika na yaliyo kweli

Kipindi cha kusoma katika madarasa ya chini ni dakika 30. Mwalimu wa Gredi ya Pili hapa Nairobi hahitaji kukumbushwa kwamba kipindi hicho kina hatua tatu. Yanayoharibika ni yale anayoyafanya ndani ya kila hatua, na mengi hutokana na imani ambazo zimekaa darasani muda mrefu. Tuzipime kwa kifungu kimoja cha maneno 43:

*Pendo na mamake walienda Gikomba. Mama alinunua ndizi. Pendo alibeba kikapu. Njiani mvua ilianza kunyesha. Waliingia kwenye kibanda cha fundi wa viatu. Fundi aliwapa kiti. Mvua ilipoisha, Pendo aliona kikapu hakipo. Alilia. Fundi akacheka, akatoa kikapu chini ya meza. "Niliogopa ndizi zitalowa," alisema.*

Dhana: Kabla ya kusoma, wasimulie hadithi ili waielewe

Mwalimu huonyesha picha, hueleza Pendo ni nani, kikapu kimepotea vipi na nani alikificha. Dakika 15 zimekwisha. Watoto wakifungua kitabu, wanakariri walichosikia huku macho yakiwa dirishani. Ukitaka kuhakikisha, mwambie mtoto mmoja aanzie sentensi ya saba badala ya mwanzo. Anayesoma ataanza pale pale. Anayekariri atarudi "Pendo na mamake walienda…" kwa sababu hadithi yake ina mlango mmoja tu.

Hatua hii isizidi dakika 7, na ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutabiri. Funika kwa karatasi sehemu ya picha inayoonyesha mwisho, soma kichwa cha hadithi, uliza kitakachotokea, kisha andika ubaoni tabiri mbili kama watoto walivyozisema. Mtoto akijibu kwa Sheng au kwa lugha ya nyumbani, pokea wazo lake, uliseme kwa Kiswahili sanifu, uliandike. Ukimkatiza kurekebisha lugha wakati huu, wenzake watanyamaza.

Kazi ya pili ni maneno, na hapa ndipo panapohitaji jicho. Usichague maneno kwa urefu wake. Chagua mawili au matatu ambayo yakikosa kueleweka, hadithi inaanguka. "Walienda" ni refu lakini kila mtoto analijua. "Kibanda" ni fupi, ila kwa mtoto wa Nairobi kibanda ni mahali pa kula chapati na maharagwe. Usipolishughulikia, atangoja chakula hadi mwisho wa hadithi. Vivyo hivyo "hakipo": nyumbani na mtaani mtoto amezoea kusikia "kikapu haiko". Anaweza kulitamka ha-ki-po bila kosa asijue kwamba kikapu kimepotea, na hapo fundo la hadithi limempita. La tatu ni "zitalowa". Andika kila neno kwenye kadi, ligawe kwa silabi (zi-ta-lo-wa), liunganishe, kisha litumie katika sentensi nyingine: "Nguo zitalowa tusipozianua."

Dhana: Darasa likisoma kwa sauti moja, wote wanasoma

Kusoma kwa pamoja kuna nafasi yake, ila kunaficha mengi. Katika darasa la watoto 50, watano au sita huongoza na waliobaki hufuata nusu pumzi nyuma. Masikio hayatakuambia, vidole vitakuambia. Kila mtoto aweke kidole chini ya neno, nawe upite kati ya madawati ukitazama vidole tu. Sauti ikiwa kwenye "Fundi aliwapa kiti" na kidole kiko kwenye "Gikomba", umempata anayehitaji msaada wako.

Tenga dakika 15 kwa hatua hii, ndefu kuliko nyingine zote. Soma wewe kwanza mara moja, kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo. Ukikatakata silabi, nao watasoma hivyo. Kisha someni pamoja mara moja. Halafu wasome wawili wawili: mmoja anasoma sentensi, mwenzake anafuata kwa kidole, wanabadilishana. Dawati likiwa na watoto watatu, wapokezane kwa zamu, wawili wafuate. Kusoma huku kwa jozi ndiko kwenye manufaa zaidi, kwa kuwa kila mtoto anapata sauti yake mwenyewe. Mara nyingi ndiko kunakokatwa muda ukipungua.

Mtoto akisoma "alileta" mahali pa "alibeba", usimtajie neno mara moja. Ngoja hesabu ya tatu. Asipojirekebisha, mwonyeshe silabi "be", alisome neno zima, kisha arudie sentensi kuanzia mwanzo. Kurudia huko kusiachwe, maana neno lililorekebishwa likiwa peke yake halirudi kwenye maana.

Dhana: Maswali yasubiri mpaka hadithi iishe

Swali moja lililowekwa mahali pake katikati lina nguvu kuliko matano ya mwisho. Unapoisoma hadithi mara ya kwanza, simama baada ya "kikapu hakipo" na uulize: "Kikapu kiko wapi? Kwa nini unafikiri hivyo?" Watoto wengi watasema kimeibiwa. Usiseme ndiyo wala hapana, endelea kusoma. Ila usisimame kila sentensi. Hadithi fupi kama hii ikikatwa mara nne, mtoto hukumbuka maswali na kusahau hadithi.

Dhana: Baada ya kusoma ni kunakili maswali na majibu daftarini

Kwanza rudini kwenye tabiri zilizo ubaoni: ipi ilitimia, na sentensi gani inaonyesha? Zikiachwa pale bila kuguswa, kesho watoto watatabiri lolote kwa kuwa wameona halina kazi.

Kisha tazama maswali yenyewe. "Pendo alibeba nini?" linaonekana la ufahamu, lakini jaribu hili: *Blimbo alifuka tipu. Blimbo alifuka nini?* Umejibu "tipu", na hujaelewa chochote. Swali kama hilo moja latosha kuwapa nguvu wanaosita. Linalofuata lidai mtoto aunganishe sentensi: "Kwa nini fundi aliweka kikapu chini ya meza?" Jibu linahitaji mvua ya sentensi ya nne na "zitalowa" ya mwisho. Mtoto akijibu "alitaka kuiba", usimwambie tu kwamba amekosea. Mwambie aweke kidole kwenye sentensi inayosema hivyo. Atatafuta, na akiikosa atasoma tena mwenyewe.

Malizia kwa kusimulia kwa jozi: nani, wapi, tatizo gani, liliishaje. Wanaoweza waandike sentensi moja yao wenyewe. Dakika 8 zinatosha kwa yote haya ikiwa hakuna anayenakili maswali kutoka ubaoni.

Dhana: Hatua hizi tatu zitamwinua hata asiyejua silabi

Hazitamwinua. Mtoto anayekwama kwenye "nd" ya ndizi au "ny" ya kunyesha atatabiri vizuri, atajibu vizuri kwa kusikiliza, na bado hatasoma. Anahitaji dakika kumi za sauti na silabi kila siku, nje ya kifungu. Kifungu hicho hicho kitumie tena kesho yake: hatua ya kwanza iwe dakika mbili za kadi za maneno tu, na muda uliookolewa uende kwa wale ambao vidole vyao uliviona vimepotea.