Kiwango cha juu cha dawa ya ganzi kwa kilo: hesabu ya kabla ya kumshona mtoto

Mtoto wa miaka miwili ameangukia kona ya stuli na paji la uso limepasuka sentimita tatu. Mama amempakata, jeraha limeshasafishwa, na kwenye trei kuna chupa ya lignokaini. Kabla sindano haijaingia kwenye chupa, mshonaji anapaswa kujua mwili huu unavumilia dawa kiasi gani. Hicho ndicho kiwango cha juu: jumla ya dawa, kwa kila kilo ya uzito, ambayo haivukwi katika ushonaji mmoja. Ikitosha chini ya hapo, tunaishia hapo hapo.

Kiwango hiki kipo kwa sababu dawa ya ganzi haikai ilipochomwa. Taratibu inaingia kwenye damu, na ikizidi huko inavuruga ubongo, kisha moyo. Damu ya mtoto ni kidogo, kwa hiyo dozi ambayo baba yake asingeihisi kabisa inaweza kumletea yeye degedege.

Kwa lignokaini isiyo na adrenalini, natumia miligramu 3 kwa kilo. Vipo vitabu vinavyoruhusu hadi 4.5 au 5, lakini kwa jeraha dogo sijawahi kuona haja ya kusogea huko. Yenye adrenalini inafika 7, kwa kuwa adrenalini hubana mishipa na dawa hunyonywa polepole. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa pungufu zaidi, maana damu yake ina uhaba wa protini inayoishika dawa hii.

Sasa uzito. Ipo kanuni ya kukisia: umri jumlisha 4, zidisha kwa 2. Kwa mtoto wetu inatoa kilo 12. Mzani ukasema 10. Tofauti hiyo si ndogo, na wenye utapiamlo ndio kanuni inawazidishia zaidi. Mzani ukiwepo, usikisie. Kwa kilo 10, basi, mwisho wetu ni miligramu 30.

Hapa ndipo watu huteleza. Hesabu imetoka kwa miligramu, sirinji inasoma mililita, na chupa imeandikwa asilimia. Asilimia 1 maana yake ni gramu 1 ya dawa ndani ya mililita 100, yaani miligramu 1,000 kugawanya kwa 100: miligramu 10 katika kila mililita. Asilimia 2 ni miligramu 20. Zidisha asilimia kwa 10, basi.

```
mililita = (kilo × 3) ÷ (asilimia × 10)
asilimia 1:  (10 × 3) ÷ 10 = 3
asilimia 2:  (10 × 3) ÷ 20 = 1.5
```

Mtu aliyezoea chupa ya asilimia 1 akakuta ya asilimia 2 na asisome lebo, atamchoma mtoto dozi mara mbili huku akiamini amehesabu. Na anayejaza sirinji ya mililita 5 kwa mazoea ya watu wazima, kutoka chupa ya asilimia 2, ameshika miligramu 100. Hiyo ni 10 kwa kilo, zaidi ya mara tatu ya kiwango. Ndiyo maana mimi huvuta ile niliyohesabu tu. Iliyobaki kwenye chupa haiwezi kuingia kwa mtoto kwa bahati mbaya.

Chupa yetu ni ya asilimia 2, na mililita 1.5 ni chache kuzunguka kingo zote mbili. Tunaongeza mililita 1.5 za maji ya chumvi ya dripu, ya asilimia 0.9. Zinakuwa mililita 3 za asilimia 1, miligramu zikiwa zile zile 30, na kwa ngozi ya paji zinatia ganzi vizuri.

Hesabu hii haina kinga ukichoma ndani ya mshipa. Vuta pistoni nyuma kwanza. Damu ikionekana, hamisha sindano. Mtu mzima atakuambia midomo inamchonyota au masikio yanavuma. Wa miaka miwili hasemi. Utaona amesinzia ghafla katikati ya kilio, au misuli ya uso inacheza. Hapo acha dawa, ita msaada, linda njia ya hewa na mpe oksijeni. Hata kama hakuna kilichotokea, asiondoke mbele ya macho kwa nusu saa hivi.

Kwa mtoto wetu zilitumika mililita 2.2, yaani miligramu 22. Baada ya dakika tano mishono miwili ikaenda kimya. Wa tatu akalia, kwenye kona ambayo dawa haikufika. Kwenye sirinji zilibaki mililita 0.8, na zile 22 zilikuwa bado zinahesabiwa. Ikaongezwa 0.5, jumla miligramu 27, tukamaliza.